Namna ya Kuhoji Taarifa ya Kampeni ya Chanjo: Mwongozo kwa Wajumbe wa Kamati ya Afya

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya kamati ya afya ya wilaya kuwasilisha taarifa ya kampeni ya chanjo ya surua na rubela, slaidi yangu ya tatu ilibeba tarakimu moja tu, kubwa, ya rangi ya kijani: asilimia 108. Wajumbe walipiga makofi. Kisha mama mmoja, diwani wa viti maalumu, aliinua mkono na kuuliza kwa upole, "Daktari, hao wanane waliozidi mia ni watoto wa nani?" Nilijibu jambo fulani kuhusu wahamiaji na mwingiliano wa mipaka, nikabofya kwenda slaidi ya nne, lakini nilijua kwamba sikuwa nimejibu, naye alijua. Baada ya miaka kadhaa ya kukaa upande wa pili wa meza nimeona kwamba swali lake lilikuwa mlango sahihi wa kuingilia, kwa sababu anayefuatilia hesabu hadi mwisho huishia kwa mama aliyeambiwa tarehe isiyo sahihi au baba aliyefunga mlango.

Mwongozo huu ni kwa mjumbe wa kamati, mtendaji, mwalimu au kiongozi wa dini anayealikwa kusikiliza taarifa ya namna hiyo na kupewa dakika chache za kuuliza. Nitatumia kampeni ya surua na rubela ya Tanzania kama mfano, kwa kuwa ndiyo niifahamuyo kwa karibu. Kampeni ya mwaka 2014 iliwalenga watoto kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15, na zile za mwaka 2019 na 2024 ziliwalenga walio chini ya miaka mitano. Katika kampeni za aina hii kila mtoto mwenye umri unaotakiwa huchomwa sindano hata kama kadi yake ya kliniki imejaa, tofauti na kliniki ya kila siku ambako dozi ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18. Jambo hilo dogo litatusumbua baadaye, katika hesabu na katika ujumbe pia.

Hatua ya kwanza: omba namba nne kabla ya kikao

Ukisubiri slaidi zipite ukutani hutapata nafasi ya kufikiri. Mwombe mratibu wa chanjo, siku mbili tatu kabla, akupe kwa kila kata idadi ya walengwa, idadi ya waliochanjwa, idadi ya vichupa vilivyofunguliwa, na matokeo ya utafiti wa kaya uliofanyika baada ya kampeni kama upo. Taarifa ya wilaya nzima haitoshi, kwa sababu wastani wa wilaya huficha kata mbaya nyuma ya kata nzuri. Ukiambiwa takwimu za kata hazipo, hilo lenyewe ni swali lako la kwanza kikaoni, kwani karatasi za kujumlishia zilijazwa kituo kwa kituo na haziwezi kufika wilayani bila kupita kwenye kata.

Hatua ya pili: uliza walengwa walihesabiwaje

Kiwango cha uchanjaji ni sehemu kama zile za shule ya msingi, yenye kiasi juu na asili chini. Kiasi ni watoto waliochanjwa, na asili ni watoto waliotakiwa kuchanjwa. Watoa mada hutumia muda mrefu kueleza kiasi, yaani timu ngapi zilitoka, siku ngapi, watoto wangapi, ilhali kosa kubwa zaidi kwa kawaida liko kwenye asili.

Asili hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye makadirio yanayojengwa juu ya sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Katikati ya miaka hiyo kumi kila mpango wa chanjo ulitegemea makadirio, na kadiri mwaka ulivyosogea mbali na sensa ndivyo makadirio yalivyozidi kuachana na hali halisi, hasa katika kata zilizopokea wachimbaji, wakulima wapya au wapangaji wa pembezoni mwa mji. Kata iliyokua kuliko ilivyokadiriwa itaonyesha asilimia 120 bila mtu yeyote kudanganya. Kata iliyohamwa nayo itaonyesha asilimia 70 hata kama kila mtoto aliyebaki amechanjwa.

Tuchukue wilaya ya kubuni ili tuone hesabu inavyokwenda. Makadirio yanasema ina watoto 40,000 wenye umri wa miezi 9 hadi 59, na kampeni imechanja 43,200. Hiyo ndiyo asilimia 108 yetu. Sasa muulize mratibu kama wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliandikisha watoto nyumba kwa nyumba kabla ya kampeni. Tuseme waliandikisha, na wakapata 47,500. Tukigawa kwa asili hiyo mpya, kiwango kinashuka hadi asilimia 91. Kisha uliza kama waliochanjwa wote walikuwa na umri unaotakiwa. Pale kituoni mama huja na watoto watatu, mkubwa ana miaka sita, na mchanjaji aliyechoka hamrudishi. Tuseme karatasi zinaonyesha 1,900 waliozidi umri. Wakiondolewa, wanabaki 41,300, na kiwango ni asilimia 87. Watoto 6,200 hawakufikiwa, na slaidi ya kijani ilikuwa imewafuta wote.

Swali la kuuliza kikaoni, kwa maneno machache, ni hili: "Idadi ya walengwa katika slaidi hii imetoka kwenye makadirio au kwenye uandikishaji wa kaya, na kama zote mbili zipo, zinatofautiana kwa kiasi gani katika kila kata?" Epuka kumwambia mtoa mada kwamba takwimu zake si za kweli. Takwimu za makadirio ni za kweli kama makadirio. Tatizo ni kuzisoma kana kwamba ni hesabu ya vichwa.

Hatua ya tatu: linganisha watoto na vichupa

Hiki ni kipimo kifupi ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya kwa kikokotoo cha simu. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kinachotumika sana katika kampeni kina dozi kumi. Kikishachanganywa na maji yake hakina budi kutumika ndani ya saa sita kikiwa kwenye ubaridi, na kinachobaki hutupwa. Kwa hiyo idadi ya watoto haiwezi kamwe kuzidi vichupa vilivyofunguliwa mara kumi, na kwa kawaida huwa pungufu kidogo, kwa kuwa vichupa vya jioni hubaki na dozi zisizo na mtoto.

Ukikuta kata iliyofungua vichupa 150, yaani dozi 1,500, huku ikiripoti watoto 1,540, basi ama kuna vichupa havikuandikwa, ama kuna tiki zilizopigwa bila mtoto. Na ukikuta kata yenye vitongoji vilivyotawanyika, ambako timu ilichanja watoto wawili hapa na wanne kule, lakini imeripoti kwamba hakuna dozi hata moja iliyopotea, tia shaka hapo pia. Katika eneo la namna hiyo kupoteza dozi ni dalili ya kazi iliyofanyika, kwa maana timu ilifungua kichupa kwa ajili ya watoto watatu badala ya kuwaambia mama zao wasubiri hadi wafike kumi. Nimewahi kuona mchanjaji akigombezwa kwa dozi saba alizomwaga, na kampeni iliyofuata hakufungua kichupa kwa watoto wachache tena. Hakuna fomu iliyoonyesha watoto waliorudishwa siku ile.

Hatua ya nne: uliza utafiti wa kaya ulifanywaje

Hesabu za vituo, hata zikisafishwa, hubaki ni hesabu za wale waliokuja. Ndiyo maana baada ya kampeni hufanywa utafiti wa kaya, ambapo maeneo ya kuhesabia huchaguliwa kwa bahati nasibu, kaya huchaguliwa vivyo hivyo, na watoto huulizwa mlangoni kwao. Hapa asili na kiasi vyote hutoka mahali pamoja, na suala la makadirio halipo tena. Lakini utafiti nao una mambo yake, na matatu ndiyo ya kuulizia.

La kwanza ni ushahidi. Mtoto amehesabiwa kuwa amechanjwa kwa sababu gani? Kwa kadi, kwa alama ya wino kidoleni, au kwa kauli ya mama? Wino hufutika baada ya siku kadhaa, kadi ya kampeni hupotea au haikutolewa kabisa, na hivyo sehemu kubwa huishia kwenye kauli. Kauli si ya kudharauliwa, ila inategemea swali liliulizwaje. Katika wilaya ambako matone ya polio yalipita miezi michache kabla, ukimuuliza mama "Mtoto alichanjwa kwenye kampeni?" atajibu ndiyo, naye anakumbuka matone. Mhoji mzuri huuliza, "Alichomwa sindano ya mkononi, au aliwekewa matone mdomoni?" Muombe mtoa mada asome swali lenyewe kama lilivyoandikwa kwenye dodoso. Mara nyingi hana dodoso mkononi, na ni haki yako kumwomba alitume.

La pili ni ukubwa wa sampuli. Katika wilaya yetu ya kubuni tuseme watafiti waliwaona watoto 300 katika maeneo 30, kumi kila eneo, na 255 kati yao walikuwa wamechanjwa. Hiyo ni asilimia 85. Lakini watoto wa eneo moja hufanana, kwani timu ikifika kitongojini huwafikia wengi, na isipofika huwakosa wote, kwa hiyo 300 hao hawatupi uhakika sawa na watoto 300 waliookotwa mmoja mmoja wilaya nzima. Ukilizingatia hilo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 79 na 91. Asilimia 87 tuliyoipata kwa kusafisha karatasi inakaa vizuri humo ndani, na 108 haikai. Na mtoa mada akionyesha kiwango cha kata moja kutokana na utafiti huo huo, muulize kimetokana na watoto wangapi. Akisema kumi, hapo hakuna cha kujadili.

La tatu ni nyumba zilizofungwa. Watafiti walifanya nini walipokuta hakuna mtu? Kama waliruka kwenda nyumba ya jirani, wamewaacha walewale ambao wachanjaji nao waliwakosa: mama anayetoka alfajiri kwenda sokoni, familia iliyo kambini kwa wavuvi, wafugaji waliohama kufuata malisho.

Niongeze neno kuhusu polio, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na haya. Katika kampeni za matone hutumika ukaguzi wa haraka wa watoto 60 kwa eneo, na eneo hufaulu ikiwa wasio na alama ya wino hawazidi watatu. Huo ni mtihani wa kufaulu au kufeli. Haupimi asilimia, na mtu akikuletea sentensi isemayo "ukaguzi umeonyesha uchanjaji wa asilimia 95", ametumia mizani kupimia urefu.

Hatua ya tano: uliza dozi ya kwanza

Kama una nafasi ya swali moja tu, uliza hili: kati ya watoto ambao hawakuwa wamewahi kupata dozi yoyote ya surua kabla ya kampeni, ni wangapi walifikiwa?

Sababu yake ni ile tuliyoigusa mwanzoni. Kampeni inamchanja kila mtoto, na wengi wao wana dozi tayari. Mtoto anayeishi karibu na zahanati, ambaye mama yake huhudhuria kliniki, ndiye rahisi kufikiwa na kampeni pia. Hivyo kampeni inaweza kupata asilimia nzuri kwa kuwachanja tena waliokwisha kuchanjwa.

Turudi kwa watoto wetu 300. Tuseme 270 walikuwa na angalau dozi moja kabla, na 30 hawakuwa na yoyote. Kampeni iliwafikia 243 kati ya wale 270, ambayo ni asilimia 90. Kati ya wale 30 iliwafikia 12, ambayo ni asilimia 40. Jumla ni 255, na kiwango cha jumla bado ni asilimia 85. Lakini watoto 18 kati ya 300, yaani asilimia 6, wamebaki bila kinga ya aina yoyote. Ukiipeleka asilimia hiyo kwenye watoto 47,500 unapata takriban 2,850. Surua ni ugonjwa ambao mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo maana lengo linalotajwa siku zote ni asilimia 95. Lengo hilo, hata hivyo, linadhani kwamba wasio na kinga wametawanyika. Watoto 2,850 hao hawakutawanyika. Wanaishi pamoja, kwenye vitongoji vilevile, na ugonjwa ukiingia utawakuta pamoja.

Kwa hiyo swali hili lifuatwe na lingine: "Wanaishi wapi?" Mratibu mzuri atakutajia majina ya vitongoji bila kutazama karatasi.

Hatua ya sita: soma jedwali la sababu kabla ya kuuliza kuhusu matangazo

Karibu kila taarifa ina slaidi ya uhamasishaji, yenye picha ya gari la matangazo na orodha ya redio. Kuuliza "mlitangaza mara ngapi?" hakukufikishi mbali. Tafuta badala yake jedwali la sababu zilizotajwa na wazazi ambao watoto wao walikosa, kisha uliza kila sababu inasema nini kuhusu ujumbe.

"Sikujua" maana yake tangazo halikufika, au lilifika kwa lugha na saa zisizofaa. Gari lililopita saa tano asubuhi katika kijiji cha wakulima limewatangazia kuku. "Nilisafiri" huweza kumaanisha hivyo hivyo tu, au kwamba tarehe ilijulikana jana yake. "Mtoto alikuwa anaumwa" inahitaji swali la ziada: ni mama aliyeamua kubaki nyumbani, au ni mchanjaji aliyemrudisha? Mafua na homa ndogo havimzuii mtoto kuchanjwa, na kama wachanjaji wanawarudisha, dawa yake ni kuwafundisha upya wachanjaji. Tangazo jingine la redio halitasaidia kitu hapo.

Sababu inayonivutia zaidi ni "Ana chanjo zote". Mama aliyejibu hivyo amefanya kila alichoambiwa kliniki, anayo kadi, na anaona fahari nayo. Tangazo lililosema "Mpeleke mtoto wako apate chanjo" halikumhusu, kwa kuwa wake ameshapata. Lilipaswa kusema kwa uwazi kwamba sindano hii ni ya kila mtoto wa umri huo hata aliyekamilisha, na kueleza kwa nini: dozi inayotolewa katika miezi tisa haiwashiki watoto wote, takriban mmoja kati ya saba hubaki bila kinga, na hakuna anayeweza kumtambua kwa kumtazama. Hiyo ni sentensi moja ndefu. Inaingia kwenye tangazo la sekunde thelathini.

Uliza pia kama ujumbe ulijaribiwa kabla ya kurushwa. Jaribio lake ni rahisi: mama watano au sita wanasomewa tangazo, kisha kila mmoja anaombwa alieleze kwa maneno yake. Nilikaa kwenye jaribio moja la namna hiyo ambapo tangazo lilisema chanjo "itawakinga watoto dhidi ya surua na rubela". Mama mmoja alirudia kwamba chanjo ni ya watoto "wenye surua na rubera", wake haumwi, basi hatakwenda. Tulibadilisha maneno jioni ileile.

Na usisahau kuuliza wazazi waliambiwa nini kuhusu maudhi madogo madogo. Chanjo ya surua ina tabia yake: homa, na kwa baadhi ya watoto vipele vichache, huja siku ya saba hadi ya kumi na mbili baada ya sindano. Kwa siku hizo timu imeshaondoka, mahema yamefungwa, na mama yuko peke yake na mtoto mwenye joto na vipele, ndivyo surua yenyewe inavyoonekana. Kama hakuambiwa, atasema chanjo imemletea mtoto ugonjwa, na kwa macho yake amesema kweli. Swali ni hili: "Mchanjaji alitakiwa kumwambia mama nini kabla hajaondoka mezani, na mlihakikishaje kwamba alisema?"

Hatua ya saba: kuhusu imani, uliza mambo yanayoonekana

Swali la "Je, wananchi wana imani na chanjo?" hujibiwa "Ndiyo, kwa kiasi kikubwa", na hakuna anayeondoka na kitu. Imani huulizwa kupitia matendo. Kaya ngapi zilikataa, katika vitongoji gani? Nani alirudi kuzungumza nao, na baada ya siku ngapi? Mtoto aliyepata tatizo baada ya chanjo alitembelewa nyumbani na nani, na familia ilielezwa matokeo ya uchunguzi au iliachwa hivyo hivyo? Uvumi gani ulisikika, na uliandikwa mahali popote?

Uvumi uandikwe kama ulivyosemwa, kwa sababu mara nyingi una chembe ya jambo halisi ndani yake. Kenya, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda wakidai imechanganywa na homoni ya ujauzito ili kuwafunga wanawake uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema chanjo ni salama, na mabishano yakahamia maabara. Lakini tazama kile ambacho mwananchi wa kawaida alikiona: chanjo ya pepopunda, ugonjwa unaoweza kumpata yeyote aliyejichoma msumari, inatolewa kwa wanawake tu, wa miaka 14 hadi 49, kwa raundi kadhaa. Kwa nini wanaume wameachwa? Jibu lipo, nalo ni la kuridhisha: mtoto mchanga hupata pepopunda kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na kinga yake huipata kwa mama akiwa tumboni, ndiyo maana wanaochanjwa ni wale walio katika umri wa kuzaa. Jibu hilo lilipaswa kutangulia sindano. Aidha, kuna utafiti halisi uliowahi kufanyika India wa chanjo ya kuzuia mimba, ambamo homoni hiyo iliunganishwa na pepopunda kama kibebeo. Haikuwa chanjo iliyotumika Kenya, ila mtu aliyeusikia utafiti huo na kuviona utafiti na kampeni ya Kenya kama kitu kimoja hakuokota hofu yake hewani.

Kutokana na mkasa huo ninachukua maswali mawili ya kuuliza katika kampeni yoyote. La kwanza: "Ni jambo gani katika mpango huu ambalo mtu asiye na nia mbaya angeona la ajabu, na mmelieleza wapi?" Umri unaochaguliwa, jinsia, shule badala ya zahanati, ulinzi wa polisi, haraka ya siku nne, yote hayo ni mambo ya ajabu yanayohitaji maelezo. La pili: "Viongozi wa dini na wa mila waliitwa lini?" Kama waliitwa siku ya uzinduzi ili wapigwe picha, hawakushirikishwa. Sheikh au mchungaji aliyeulizwa maoni yake mwezi mmoja kabla anaweza kujibu swali la muumini wake jioni. Aliyepewa fulana siku ile ile hana la kusema.

Hapa niseme ninaloliamini, ingawa wenzangu kadhaa hawakubaliani nami: kukataa mara nyingi hupewa lawama kubwa mno. Katika majedwali niliyowahi kuyashika, wazazi waliokataa walikuwa wachache kuliko wale ambao hawakupata habari, au walifika kituoni wakakuta timu imehama. Mtoa mada anayesema tatizo ni "imani potofu" aombwe kuonyesha idadi, kwa maana lawama hiyo humweka mwananchi kizimbani na kumwacha mpangaji wa ratiba huru.

Hatua ya nane: uliza kwa ufupi, na usikubali jibu lisilo na mtu

Taja slaidi unayoizungumzia, uliza jambo moja, kaa chini. Maswali matatu yaliyofungwa pamoja hujibiwa lile rahisi, na hotuba ya dakika tano hujibiwa kwa shukrani. Anza kwa heshima iliyozoeleka, "Mheshimiwa Mwenyekiti, namshukuru Mratibu kwa taarifa," kisha nenda moja kwa moja kwenye swali.

Ukijibiwa "Tutalifanyia kazi", uliza nani na lini, na mwombe katibu aandike jina na tarehe kwenye kumbukumbu za kikao. Ukijibiwa "Takwimu hizo hatuna", shukuru, kwa kuwa hilo ni jibu la kweli kuliko mengi utakayoyasikia, na uulize zinaweza kupatikana wapi. Karatasi za kujumlishia hukaa kwenye maboksi katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na siku moja ya watu wawili inatosha kuhesabu upya kata mbili zenye shaka.

Baada ya kikao, kama kata yako ni mojawapo ya hizo, nenda na mwenyekiti wa kitongoji kilicho mbali kuliko vyote na barabara. Ingieni nyumba kumi zenye watoto wa umri huo, muombe kadi, muulize kuhusu sindano na si matone, na kwa kila mtoto aliyekosa andika sababu kwa maneno ya mama mwenyewe. Nyumba kumi hazikupi asilimia ya kitu chochote. Lakini ukikuta wanne waliokosa katika kitongoji ambacho karatasi inasema kimekamilika, rudi kwa mratibu na majina ya kitongoji na tarehe, naye atajua timu ipi ilipangiwa huko na kama gari lake lilitoka siku ile.